Kipimo Kilichoitwa Sitakasirika

Ofisi ya shamba la mkonge nilikoanza kazi, maili chache kutoka Korogwe mjini, ilikuwa na meza mbili, kabati moja la chuma ambalo halikufungika, na mashine ya kukokotoa ya mkono ambayo ukiizungusha ilinguruma hata watu wa nje wakajua kwamba ofisini kuna hesabu. Meza ya dirishani ilikuwa ya karani wa mauzo. Meza ya mlangoni, penye vumbi, ikawa yangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili kutoka Handeni, nimesomea upigaji chapa, na baba yangu alikuwa ameniruhusu kwa sharti moja tu, kwamba kila Idi nirudi nyumbani.

Karani wa mauzo alikuwa Msambaa wa Vugiri, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi zikawa na makali. Alisomea misheni Lutindi, akafanya kazi miaka mingi Tanga kwa dalali mmoja wa Kizungu aliyeuza mkonge wa watu Ulaya. Baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi makubwa yalipotaifishwa, yule dalali alifunga virago akaondoka, akamwachia karani wake viti viwili na sanduku la vijitabu. Viti aliviuza. Sanduku alikuja nalo kwetu.

Shamba letu halikutaifishwa, nadhani kwa sababu lilikuwa dogo. Lilikuwa mali ya mjane wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa hapo hapo Korogwe nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Sote tulimwita Mama. Alikuja ofisini siku moja kwa wiki, anaketi kwenye kiti changu, mimi nasimama, anauliza swali moja: "Tuuze au tusubiri?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Wakala wetu wa London alikubali kuuza kwa njia mbili. Unaweza kuuza marobota yaliyokwisha kufungwa, yako ghalani, kwa bei ya leo. Au unaweza kuuza kwa ahadi, yaani mkonge wa miezi mitatu ijayo, ambao bado ni majani shambani, lakini kwa bei ya leo vilevile. Ukiahidi bei ikiwa juu kisha ikashuka, umepata. Ukiahidi halafu ikapanda, utatoa mkonge wako kwa bei ya zamani huku jirani anauza kwa bei mpya, na wewe unamtazama.

Basi jibu la swali la Mama lilitoka kwenye lile sanduku.

Ndani yake kulikuwa na kijitabu kilichopigwa chapa Amerika, kurasa kama thelathini hivi, kinachoeleza kipimo kinachoitwa stokastiki. Karani alinifundisha siku yangu ya tatu kazini, akiwa amesimama wima kama anayehubiri.

"Kila Jumatatu tunapata telegramu," alisema. "Ina bei ya tani moja kwa pauni, ya juu kabisa ya wiki, ya chini kabisa, na ile iliyofungia wiki. Sasa wewe tazama wiki kumi na nne za nyuma. Bei ya chini kuliko zote ni ngapi?"

"Sabini, Mzee."

"Ya juu kuliko zote?"

"Themanini."

"Wiki hii imefungia sabini na tisa. Toa sabini."

"Tisa."

"Igawe kwa kumi, maana kutoka sabini hadi themanini ni kumi. Zidisha kwa mia."

Nilizungusha mashine, ikanguruma. "Tisini."

"Tisini!" alisema kwa furaha, kama vile mimi ndiye niliyegundua. "Ikivuka themanini, bei imenunuliwa mno. Wanunuzi wamechoka. Tunauza kwa ahadi. Ikiwa chini ya ishirini, imeuzwa mno. Tunakaa kimya, tunasubiri."

Ukutani alikuwa amebandika karatasi ya miraba, ndefu kama kanga. Mstari mwekundu ulipita kwenye themanini, wa kijani kwenye ishirini, na katikati ulipanda na kushuka mstari wa penseli ambao kila Jumatatu aliurefusha kwa kidole kimoja. Pembeni aliweka pia wastani wa wiki tatu, ili mstari usirukeruke. Wafanyakazi waliokuja kuuliza posho waliitazama ile karatasi kwa heshima. Neno lenyewe halikuwaingia midomoni. Mnyapara wa chumba cha brashi, nyuzi zinaposafishwa, alijaribu mara mbili, mara ya tatu akasema "sitakasirika", na tangu siku hiyo kikaitwa Sitakasirika shambani kote. "Sitakasirika inasemaje leo?" wangeuliza. Karani alijitahidi kuwasahihisha kwa mwezi mzima, kisha akaacha.

Lazima niseme ukweli: kilifanya kazi. Kwa karibu miaka miwili bei ya mkonge ilikuwa haina safari. Ilipanda hadi karibu themanini, ikashuka hadi karibu sabini, ikapanda tena. Sakafu ni ile ile, dari ni ile ile. Kipimo kikisema tisini, kweli bei ilikuwa karibu na dari, na baada ya wiki chache ilikuwa inarudi chini. Karani alisema "Tuuze", Mama akauza kwa ahadi, bei ikashuka, na sisi tukawa tumeshika bei nzuri. Kikisema kumi na tano, alisema "Tusubiri", na kweli ikapanda.

Sifa zilimwingia. Alianza kuvaa tai siku za Jumatatu. Katibu wa tawi la chama alimwalika aeleze mbele ya mkutano jinsi mabepari wanavyopanga bei ya jasho letu, naye akazungumza saa nzima juu ya sakafu na dari. Mwishoni mzee mmoja akasimama, akampongeza, kisha akauliza nyumba yenyewe itajengwa lini. Hata jambo hilo halikumshusha. Aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba umma unahitaji muda.

Kisha ukaja ule mwaka ambao mafuta ya petroli yalipanda duniani kote. Kamba za nailoni, ambazo zilikuwa zimetunyang'anya wateja, hutengenezwa kwa mafuta, nazo zikawa ghali. Watu wa Ulaya wakaukumbuka mkonge. Jumatatu moja telegramu ikasema bei imefungia themanini na mbili na nusu. Dari ilikuwa imevunjwa, lakini sisi hatukuliona hilo. Sisi tuliona asilimia.

"Tisini na sita," nilisema.

Karani akasimama. Tangu tuanze hatukuwa tumewahi kupata tisini na sita. "Imenunuliwa mno kabisa," alimwambia Mama alipokuja. "Hapa ndipo mwisho wake. Tuuze kwa ahadi, miezi mitatu yote."

Mama akauza miezi mitatu yote.

Bei ikaenda themanini na nane. Kisha tisini na tano. Kila Jumatatu karani alirefusha mstari wake kwa kidole kimoja, nao ulikuwa juu ya ule mwekundu, umenyooka, hauna dalili ya kushuka. "Vizuri," alisema. "Kadiri unavyokaa juu ndivyo utakavyoanguka kwa kishindo." Ile miezi mitatu ilipokwisha, bei ilikuwa imepita mia na ishirini na mkonge wetu ulikuwa unapakiwa kwenye gari moshi kwa themanini na mbili na nusu. Mama alikaa kwenye kiti changu akiangalia ile karatasi, akauliza, "Leo inasemaje?"

"Themanini na tisa, Mama. Imenunuliwa mno."

"Mara ya kwanza nayo ilikuwa imenunuliwa mno."

"Ndiyo. Sasa imenunuliwa mno zaidi."

"Umesema mwanzo ilikuwa tisini na sita."

Nilijitia kutafuta kitu ndani ya kabati.

Hata hivyo alikuwa mtu wa kufikiri, na akaja na sheria mpya. Tusiuze ikivuka themanini kwenda juu. Tungoje hadi ivuke themanini kurudi chini. Hapo ndipo wanunuzi watakuwa wamechoka kweli. Wiki chache baadaye kipimo kikashuka hadi sabini na nne. Akapiga meza kwa ngumi, kesho yake akavaa tai ingawa ilikuwa Jumanne, akaenda kwa Mama mwenyewe, kwenye lile duka la vitambaa. Mama akauza, safari hii nusu tu. Baada ya wiki mbili kipimo kilikuwa kimerudi tisini na moja na bei imepita pale ilipokuwa. Bei ilikuwa imekaa kitako kidogo tu kupumzika, ikaendelea na safari.

Jirani yetu, mwenye shamba la ng'ambo ya reli, hakuwa na karatasi wala kijitabu. Aliuza marobota yake yakijaa ghalani, basi. Mwaka ule alinunua lori jipya, na dereva wake alipopita mbele ya ofisi yetu alipiga honi. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Karani alifunga dirisha.

Kisha akaanza kuishuku telegramu. Bei ilipofungia mia na arobaini na sita alisema haiwezekani, kuna mtu amekosea tarakimu. Tukaenda naye posta, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya baiskeli yake na daftari mapajani. Mtu wa telegramu alikuwa mpole, mnene, anayekula machungwa.

"Bwana Posta," karani alisema, "hapa umeandika moja, nne, sita. Hakikisha kama si moja, moja, sita."

"Nimeandika kilichokuja."

"Waya zinaweza kukosea. Mvua imenyesha."

"Mvua imenyesha Korogwe, Mzee. London sijui."

"Basi waulize warudie."

Bwana Posta akafuta vidole, akatuma, akatuomba tusubiri kwenye benchi. Tulisubiri hadi mchana. Watu walinunua stempu, wakapokea vifurushi, wakatusalimu. Jibu lilipofika, Bwana Posta alilisoma kwa sauti, posta nzima ikasikia: moja, nne, sita, na chini yake wakala ameongeza neno moja, akiuliza kama kuna tatizo. Karani akakunja karatasi mara nne. Tukapanda baiskeli kurudi. Mlimani nilishuka nikatembea, kwa huruma.

Kwa bei hiyo kipimo kilisema tisini na mbili. Akamshauri Mama auze. Mama, kwa mara ya tatu, akauza, ila robo tu, na nadhani alifanya hivyo kwa kumwonea haya, maana walifahamiana tangu marehemu mumewe alipokuwa hai.

Miezi minne hivi baadaye binti yake karani akaolewa, naye akapanda Vugiri kwa wiki mbili. Kwa mara ya kwanza Jumatatu ilinikuta peke yangu na telegramu. Mama alikuwa ameshatuma neno kwamba atakuja alasiri.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Bei ya chini ya wiki kumi na nne, mia na hamsini. Ya juu, mia mbili na kumi. Imefungia mia mbili na nne. Toa mia na hamsini, hamsini na nne. Gawa kwa sitini. Mashine ikanguruma. Tisini.

Nikashika penseli niende ukutani. Kitu kikanizuia, nami sijui kwa nini hakikunizuia mapema zaidi. Nilirudi kwenye daftari, kwenye ile siku ya posta. Chini mia, juu mia na hamsini, imefungia mia na arobaini na sita. Arobaini na sita kwa hamsini, tisini na mbili.

Niliketi. Tangu siku ya posta bei ilikuwa imepanda kwa hamsini na nane, na kipimo kimeshuka kwa mbili.

Nilizirudia hesabu zile mara tatu, nikidhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inajibu swali ambalo hatukuwa tumeliuliza. Sisi tuliuliza, bei iko juu mno? Yenyewe ilijibu, bei imefungia karibu na juu ya wiki kumi na nne zilizopita. Bei ikiwa inazunguka ndani ya nyumba ile ile, hayo mawili ni karibu jambo moja, kwa sababu juu ya nyumba kuna dari. Lakini bei ikiwa inapanda wiki baada ya wiki, zile wiki za zamani, za bei ndogo, zinatoka kwenye hesabu moja moja. Sakafu inapanda, dari inapanda, na bei inabaki karibu na dari siku zote. Itasoma tisini mwaka mzima ikitaka. Ile tisini haikuwa inasema wanunuzi wamechoka. Ilikuwa inasema kila wiki wanafunga kwa nguvu.

Nilifurahi hata nikasimama juu ya kiti. Ndivyo Mama alivyonikuta.

"Kuna nyoka?" aliuliza.

"Shikamoo Mama. Hapana, Mama." Nikashuka, nikamfutia kiti kwa kanga yangu, nikamweleza yote, kwa tarakimu, nikimwonyesha kwenye daftari. Alisikiliza bila kunikatiza. Alikuwa amekulia dukani, hesabu haikumtisha.

"Kwa hiyo," alisema mwishoni, "Sitakasirika inaniambia kwamba bei ya leo ni kubwa kuliko ya wiki zilizopita."

"Ndiyo, Mama."

"Hilo hata mimi naliona. Nimekuwa nikilipa mshahara wa watu wawili waniambie hilo." Akacheka, kicheko cha kifua, cha kukohoa, sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kabla. "Basi tusiahidi kitu. Uza yaliyo ghalani tu."

Karani aliporudi na mfuko wa iliki kutoka kwenye harusi, nilimwandalia chai kwanza. Kisha nikamweleza. Alinitazama kama mtoto aliyemkuta anachezea bunduki.

"Umeipinga stokastiki kwa wiki mbili ulizokaa peke yako?"

"Sikuipinga, Mzee. Niliihesabu tu."

"Aliyeitunga ni mtaalamu. Kijitabu hiki kimepita mikononi mwa wataalamu!" Akakitoa kwenye droo, akaanza kukifunua kwa hasira akitafuta pa kunisuta. Alisoma kwa sauti, akitafsiri kadiri anavyokwenda. Ukurasa wa ishirini na kitu akaanza sentensi, sauti ikapungua, ikakatika.

Nilisogea. Palikuwa na aya fupi inayosema kwamba ishara hizi zinafaa soko linapokwenda huku na huku bila mwelekeo. Soko likishika mwelekeo wa nguvu, kipimo kinaweza kukaa juu ya themanini kwa muda mrefu, na anayeuza kwa sababu hiyo tu atajuta. Aya nzima ilikuwa imepigiwa mistari ya penseli, miwili miwili. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri wa misheni, ameandika: MUHIMU SANA.

Nje korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi, ilikuwa inasaga majani.

"Niliandika lini hii?" aliniuliza, kama mimi ndiye ningejua.

"Labda kule Tanga, Mzee."

"Tanga bei ilikuwa imelala," alisema polepole. "Ikalala na huku. Nikasahau kwamba kuna siku itaamka." Akavua miwani, akaifuta, na mabega yakaanza kutikisika. Niliogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka. Akacheka mpaka mnyapara akachungulia dirishani kuuliza kuna nini, naye akamwambia, "Mimi ni mpumbavu msomi," na mnyapara, kwa adabu zote, akasema, "Haya, Mzee."

Alienda mwenyewe kwa Mama kuomba radhi. Mama alimpa kitenge cha bibi harusi na hakumfukuza. Bei iliendelea kupanda kwa miezi mingi zaidi, na sisi tuliuza ya ghalani kila yalipojaa, kama jirani wa ng'ambo ya reli. Paa la nyumba za wafanyakazi likabadilishwa mabati. Dereva wa lori akaacha kupiga honi, au tuliacha kuisikia.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa juu ya kiti. Lakini mwaka uliofuata bei ikageuka. Ilishuka kutoka mia tatu, na siku ilipofungia mia mbili na kumi na mbili, kipimo kilikuwa kumi na mbili. Mimi sasa ndiye niliyekuwa nikiulizwa.

"Imeuzwa mno, Mama," nilisema kwa uhakika. "Haiwezi kushuka zaidi ya hapa. Tusubiri irudi."

Karani aliinua kichwa. Akakiinamisha tena, alikuwa amejifunza adabu ya mtu aliyekosea. Tukasubiri. Ghala likajaa marobota hadi mlangoni. Miezi miwili baadaye bei ilikuwa mia na sabini, na kipimo kumi na moja. Nilikuwa nimelielewa soko linalopanda, nikaamini kwamba linaloshuka litanihurumia. Sakafu nayo ilikuwa inashuka pamoja na bei, wiki kwa wiki, na mimi niliyegundua hayo nilikuwa wa mwisho kuyaona.

Mama alikuja siku hiyo akakuta ukumbi wa ofisi nao una marobota. Akapita ubavu, akaketi, akatutazama mmoja mmoja.

"Yeye aliuza wakati wa kusubiri," alisema. "Wewe umesubiri wakati wa kuuza. Nikiwachanganya nyinyi wawili ningepata mtu mmoja wa maana."

"Tuuze, Mama?" niliuliza kwa sauti ndogo.

"Uza. Na kesho uniletee bei kama ilivyo, bila kuipika."

Karani alishuka ghalani pamoja nami kuhesabu marobota, ingawa haikuwa kazi yake. Alinisubiri nimalize kuona aibu. Kisha akaniuliza mwandiko wangu ukoje, maana ule ukurasa wa MUHIMU SANA bado una nafasi pembeni, upande wa kushoto. Nikaandika siku hiyo hiyo, kwa wino: HATA IKISHUKA. Wiki iliyofuata ilikuwa Idi, nikapanda basi la Handeni, na baba aliponiuliza mkonge unaendeleaje, nilimwambia unashuka. Akauliza hadi lini. Nikamwambia sijui, akaonekana kuridhika sana na jibu hilo, akaniongezea nyama.